Dakika 20 za kuwasilisha mada, maswali humo humo: niandae maneno mangapi?

Binti Kibaigwa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi ujao nina mada ya kuwasilisha kwenye warsha hapa Dodoma mjini. Inahusu uhifadhi wa mahindi wilayani Kongwa, hasa dumuzi na ile mifuko ya kinga njaa. Barua ya mwaliko inasema "dakika 20 pamoja na maswali". Nitaongea Kiswahili mwanzo mwisho. Ukumbini watakuwepo maafisa ugani, wafanyabiashara wa nafaka na wakulima kiasi.

Andiko langu kwenye Word lina maneno 2,480. Nikiperuzi mtandaoni kila mtu anasema mzungumzaji wa kawaida hutoa maneno 130 hadi 150 kwa dakika. Nikigawanya 2,480 kwa 130 napata dakika 19 na ushei, kwa hiyo maswali yanabaki na chini ya dakika moja. Sasa nipunguze kiasi gani? Nikishusha hadi 2,000 si itatosha? Wenye uzoefu wa majukwaa naombeni mwongozo, maana mwenyekiti wa kipindi nasikia hana mchezo na kengele.

Nawasilisha.

---

Kijana wa Area C

Dada hiyo 130 ndiyo yenyewe, wala usiumize kichwa. Mimi chuoni tulikuwa tunatumia kanuni rahisi zaidi: ukurasa mmoja wa A4, herufi saizi 12, nafasi mbili kati ya mistari, ni dakika mbili. Ukiwa na kurasa saba una dakika 14, sita zinazobaki ni za maswali. Kwisha habari.

---

Katibu Mstaafu

Mwanangu, maneno 130 kwa dakika ni mengi mno. Nimefanya kazi ya ukatibu mahsusi tangu enzi za mashine ya kupiga kwa vidole, tena yenye utepe. Uchapaji tulikuwa tunadaiwa 50, na hatimkato 80, halafu 100 kwa wale waliotaka kupanda. Huyo wa 130 simfahamu. Fanya mazoezi ya vidole vyote kumi bila kuangalia kibodi, usiku nusu saa tu, utaona mabadiliko.

---

Binti Kibaigwa

Shikamoo mama. Nashukuru, ila mimi siulizii kuchapa. Ni kuongea mbele ya watu, nijue andiko lenye maneno kadhaa linachukua dakika ngapi likisomwa kwa sauti.

Area C, asante. Kanuni ya kurasa inanipa jibu tofauti kabisa na ya maneno. Kurasa zangu kwa nafasi mbili ni 11, yaani dakika 22. Nifuate ipi?

---

Mkufunzi Nkuhungu

Kati ya hizo mbili, ya kurasa ina ukweli zaidi, ingawa Area C hakusema kwa nini.

Hiyo 130 hadi 150 imepimwa kwa wasemaji wa Kiingereza. Lugha yao ina vineno vifupi vifupi vingi ambavyo sisi tunavibandika ndani ya kitenzi. Angalia neno kama "walivyotuelekeza". Word inalihesabu neno moja. Mdomoni ni silabi nane: wa-li-vyo-tu-e-le-ke-za. Huwezi kulitamka kwa muda uleule unaotamka "na" au "kwa", ilhali kwenye hesabu yote ni moja. Andiko la kitaalamu la Kiswahili limejaa maneno ya silabi nne, tano, sita. Mzungumzaji akiwa na mwendo wa kueleweka, anapumua, anabadilisha slaidi, mara nyingi anaangukia kwenye 90 hadi 110. Nimewapima wanafunzi wengi kwa simu, wanaofika 120 na bado wakasikika vizuri ni wachache.

Kurasa zinakaribia ukweli kwa sababu neno refu linakula nafasi kubwa karatasini kama linavyokula muda mdomoni. Lakini kanuni hiyo inavunjika ukibadilisha mistari au upana wa pambizo, au ukiweka jedwali katikati. Na kuna kitu kingine inakikosa kabisa, nacho ni tarakimu. Hapo ndipo wawasilishaji wa kilimo mnaponaswa.

Chukua sentensi hii, nimeitunga tu: "Mwaka 2023/24 mavuno yalifika kilo 1,840 kwa hekta, sawa na ongezeko la 34.7%." Word itakwambia maneno 13. Sasa isome kwa sauti. "Elfu mbili ishirini na tatu, ishirini na nne." "Elfu moja mia nane na arobaini." "Asilimia thelathini na nne nukta saba." Nimehesabu yaliyotoka mdomoni: 30. Sentensi imekuwa zaidi ya mara mbili, na karatasi haijaonyesha dalili yoyote. Shilingi 2,450,000 kwenye karatasi ni neno moja, mdomoni ni "milioni mbili, laki nne na elfu hamsini", maneno saba.

Kwa hiyo usinunue namba ya mtandaoni. Pima ya kwako, tena mara mbili: kipande cha maelezo matupu peke yake, na kipande cha matokeo chenye tarakimu peke yake. Kila kimoja kisipungue dakika mbili na nusu, maana dakika ya kwanza kila mtu anakimbia. Simama, soma kwa sauti ya kumfikia mtu aliye upande wa pili wa chumba, simu inarekodi. Ukikosea neno usirudie kurekodi, endelea tu, kwa sababu ukumbini utakosea pia. Kisha gawanya maneno kwa dakika, ulete majibu hapa.

---

Mchungaji wa Mvumi

Bwana asifiwe wapendwa. Dakika 20 za kwenye karatasi zisikudanganye, dada. Mimi nikihubiri vijijini huku, wazee wengi wanapenda kusikia kwa Kigogo, kwa hiyo nina mkalimani pembeni. Nasema sentensi, nanyamaza, naye anasema. Hubiri la dakika 20 ni dakika kumi zangu, na hata hizo kumi hazifiki, kwa sababu kuna ile kupokezana. Mkalimani mwingine naye akikolea anaongeza ya kwake. Siku hizi naandaa maneno 800 kwa hubiri la dakika 20 na bado mara nyingine navuka. Na sentensi ndefu ni adui, anasahau mwanzo. Wewe umeshajua kama kuna mkalimani?

---

Binti Kibaigwa

Amina mchungaji. Nimeuliza, hakuna wa Kigogo. Yupo wa lugha ya alama, ila yeye anakwenda sambamba na mimi.

---

Mkufunzi Nkuhungu

Huyo wa alama hakuongezei dakika, lakini hawezi kukufuata ukikimbia. Majina ya watu, ya viuatilifu na ya wadudu mara nyingi anayataja herufi kwa herufi kwa vidole. Mpelekee andiko siku mbili kabla. Ukifika kwenye jina la kiuatilifu, litaje, kisha vuta pumzi moja. Pumzi hizo nazo ziingie kwenye kipimo chako.

---

Katibu Mstaafu

Kumbe ni kuongea. Basi tusemezane vizuri, mwanangu, maana hapo nina la kusema.

Kwenye hatimkato mkufunzi alikuwa anatusomea, sisi tunaandika. Mtihani wa 80 ulisomwa kwa mwendo wa 80 hasa, na wa 100 vivyo hivyo, saa mkononi. Masikio yangu bado yanaujua mwendo wa 100 kwa Kiswahili. Si wa kuburuza. Ni mwendo wa mtu anayejua anachosema na hana haraka ya basi. Viongozi wengi niliowaandikia mihtasari walikuwa chini ya hapo, wakichangamka ndiyo wanavuka.

Sasa siri ya mkufunzi ilikuwa hii. Hakuwa akisoma huku akikisia. Karatasi yake ilikuwa na mkwaju wa penseli kila mahali ambapo robo dakika ilitakiwa iishe. Anasoma, jicho moja kwenye mkwaju, jingine kwenye mshale wa sekunde. Akiwahi anavuta kidogo, akichelewa anakaza kidogo, sisi hatusikii tofauti. Wewe robo dakika ni nyingi mno, utachanganyikiwa. Weka mkwaju kila dakika mbili, na pembeni uandike dakika ambayo saa inatakiwa isome. Ukifika mkwaju wa 6 na saa inasema 7, unajua mapema kabla mambo hayajaharibika.

Na jambo jingine. Kwenye uchapaji "neno" halikuwa neno. Yalikuwa mapigo matano ya vidole, nafasi ikiwemo. Walijua kwamba ukihesabu maneno yenyewe, mwenye maneno mafupi anapendelewa. Word nayo inaonyesha idadi ya herufi pale pale inapoonyesha maneno. Linganisha vipande vyako kwa herufi, utaona kipi ni kizito.

---

Kijana wa Area C

Mama Katibu nimekuvulia kofia. Ila mimi swali langu liko pale pale: kwa nini asome? Mwenye mada yake aongee kwa vidokezo, wasikilizaji wanasinzia mtu akisoma. Na akiongea bila karatasi hizi hesabu zote za maneno hazina kazi.

---

Mkufunzi Nkuhungu

Zina kazi, Area C, tena zaidi. Anayesoma anaweza kukosea kwa dakika moja au mbili. Anayeongea kwa vidokezo anakosea kwa tano, kwa sababu kila kidokezo kina mlango wa "kwa mfano" na "nikumbushe tu kwamba". Mimi namshauri mtu aandike kamili, apime, akate, halafu ndipo ageuze kuwa vidokezo, na pembeni ya kila kidokezo abakize dakika zake. Kidokezo kisicho na dakika ni hatari.

Ila sikatai kwamba wapo wanaoweza. Tusubiri vipimo vya dada.

---

Binti Kibaigwa

Nimerudi na majibu. Nimepima jana usiku watoto wakiwa wamelala, nimesimama jikoni, simu juu ya friji.

Kipande cha maelezo (sehemu ya utangulizi na mbinu): maneno 312, dakika 3 na sekunde 15. Nimepata 96 kwa dakika.

Kipande cha matokeo, chenye kilo, asilimia na bei za gunia: maneno 204 kwa hesabu ya Word, dakika 2 na sekunde 50. Nimepata 72 kwa dakika. Nilidhani nimekosea kugawanya, nikarudia, ni 72.

Kwa hiyo ile 130 kwangu haipo kabisa, wala kwa mbali.

---

Mkufunzi Nkuhungu

Hujakosea. Hiyo 72 si kwamba unaongea polepole, ni kwamba Word haioni maneno yaliyojificha ndani ya tarakimu.

Sasa tuangalie andiko lote. Kati ya maneno 2,480, ya sehemu ya matokeo ni mangapi?

---

Binti Kibaigwa

720. Yaliyobaki 1,760.

---

Mkufunzi Nkuhungu

Basi 720 kwa mwendo wa 72 ni dakika 10 kamili. 1,760 kwa mwendo wa 96 ni dakika 18 na sekunde 20. Jumla ni dakika 28 na ushei. Hata ukishusha hadi 2,000 kama ulivyosema, ungepigiwa kengele ukiwa bado hujafika kwenye mapendekezo, na ndiyo sehemu wafanyabiashara wa nafaka waliyoifuata.

Sasa tuje kwenye zile 20, tuone zako hasa ni ngapi. Usianze na hotuba, anza na vinavyokatwa. Mwenyekiti anakutambulisha, unatoka kwenye kiti, slaidi zinafunguliwa: dakika moja na nusu. Itifaki: hata ukisema "itifaki imezingatiwa", bado utamtaja mgeni rasmi na kuwashukuru waandaaji, weka nusu dakika. Maswali dakika tano. Halafu weka dakika moja isiyo na kazi yoyote, kwa ajili ya kipaza sauti kukoroma, mtu kuingia amechelewa, au wewe mwenyewe kurudia sentensi. Jumla umeshatumia nane. Zako ni 12.

Kwa dakika 12, gawanya hivi kwa kuanzia. Matokeo dakika nne, yaani maneno 288 kwa mwendo wako wa 72. Maelezo dakika nane, yaani 768 kwa mwendo wa 96. Hizo nane zigawe: utangulizi dakika moja na nusu (144), mbinu mbili (192), maana ya matokeo kwa mkulima mbili na nusu (240), mapendekezo mbili (192). Andiko zima linakuwa maneno 1,056.

---

Binti Kibaigwa

Duh! Nikate zaidi ya nusu? Kuna kazi ya misimu miwili humo ndani.

---

Mkufunzi Nkuhungu

Kazi haifutwi, inabaki kwenye andiko utakalogawa. Unachokata ni kinachosemwa. Nibandikie vichwa vya sehemu zako nione.

---

Binti Kibaigwa

1. Utangulizi, na historia ya dumuzi nchini kuanzia Tabora
2. Aina za maghala Kongwa (kihenge, gunia la kawaida, pipa, mfuko wa kinga njaa)
3. Mbinu za utafiti, vijiji na jinsi tulivyochagua kaya
4. Matokeo: upotevu kwa kila aina ya ghala, mwezi kwa mwezi
5. Gharama na bei, Soko la Kibaigwa
6. Changamoto
7. Mapendekezo

---

Mkufunzi Nkuhungu

Historia ya dumuzi toka Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970 ni nzuri, lakini ukumbini hapo kila mtu anamjua dumuzi, wengine wanamwita skania. Iondoke yote. Aina za maghala ziwe picha moja na sentensi nne. Jinsi mlivyochagua kaya atakuuliza mtu mmoja wa takwimu, mwachie aulize, jibu lake liwe tayari mfukoni.

Matokeo ya mwezi kwa mwezi usiyasome. Weka mchoro mmoja wenye mistari minne. Wewe taja mwezi ambao gunia la kawaida linaanza kuachana na mfuko wa kinga njaa, na pengo la mwisho wa msimu. Na ukitaja, izungushe. Kama slaidi inasema 34.7, mdomo useme "zaidi kidogo ya theluthi moja". Anayetaka nukta atasoma mwenyewe ukutani. Hapo unapata faida mara mbili, msikilizaji anaelewa na mwendo wako wa 72 unapanda kuelekea 90.

"Changamoto" ifute. Kila mada ya warsha ina changamoto, na zote ni usafiri na fedha.

---

Fundi Spika

Mimi ndiye nawafungia vyombo kwenye kumbi nyingi hapa mjini, niongeze kidogo kuhusu sauti.

Jikoni kwako hakuna mwangwi. Ukumbi mkubwa wenye sakafu ya vigae na kuta tupu unarudisha sauti, na mtu akisoma kwa mwendo wa jikoni maneno yanapandana, wa nyuma wanasikia mvumo tu. Wengi wakisikia sauti yao inarudi wanapunguza mwendo wenyewe bila kujua. Ukumbi ukiwa mtupu wakati wa majaribio mwangwi ni mkali zaidi, watu wakijaa unapungua maana miili na nguo zinameza sauti. Kwa hiyo usitishike na majaribio ya asubuhi. Ila toa kama sehemu moja ya kumi ya mwendo wako kwa tahadhari.

---

Kijana wa Area C

Hapo fundi nakupinga. Mtu akipanda jukwaani presha inapanda, anakimbia, hapunguzi. Mimi utetezi wangu wa tasnifu niliupima nyumbani dakika 15, nilipofika mbele ya jopo nikamaliza kwa kumi.

---

Fundi Spika

Wewe ulikuwa kwenye chumba kidogo na watu watano. Ukumbi wa watu 200 wenye kipaza sauti ni habari nyingine.

---

Mkufunzi Nkuhungu

Nimewaona wote wawili, wa kukimbia na wa kuburuza, na sijapata dalili ya kumtambua mtu kabla. Njia pekee ninayoiamini ni kumpima mbele ya watu halisi, hata kumi. Dada, hapo kazini kwenu hakuna kikao cha asubuhi? Omba dakika tano usome sehemu moja, mwenzako akushikie saa. Linganisha na jikoni. Ukiwahi, basi una tabia ya Area C, weka "VUTA PUMZI" kwa wino mwekundu kila mkwaju. Ukichelewa, kata maneno mengine mia.

---

Mama Mwenyekiti

Nimekuwa mwenyekiti wa vipindi kama hivi mara nyingi, hebu niwape upande wa mezani.

Kwanza, mpigie mwenyekiti wako mapema umuulize saa yake inaanza lini. Wengine tunaanza kuhesabu tukitaja jina lako, wengine ukisema neno la kwanza. Hapo pana tofauti ya dakika nzima na zaidi. Muulize pia anatumia nini, kengele au vikadi. Mimi naonyesha kikadi cha dakika tano na cha dakika moja, kisha nasimama. Nikisimama umeisha.

Pili, hizo dakika tano za maswali mnazihesabu kwa matumaini. Ukumbi wa kwetu hauulizi swali moja likajibiwa. Mwenyekiti anasema "nachukua matatu ya mwanzo", na kila anayesimama anajitambulisha, anakupongeza, anasema swali lake lina vipengele vitatu. Nimezoea kila mmoja anakula sekunde 40 hata nikimsukuma. Watatu ni dakika mbili. Kipaza sauti kutembea toka mkono hadi mkono ni nusu dakika. Unabaki na dakika mbili na nusu kujibu watu watatu, kila mmoja sekunde 50. Kwa mwendo wako wa 96 hayo ni maneno 80, aya moja fupi.

Kwa hiyo maswali unayoyatarajia yaandikie majibu ya maneno 80 na uyapime kama ulivyopima mada. Wewe najua utaulizwa bei ya mfuko, panya wakiutoboa itakuwaje, na kama unatumika msimu wa pili. Ukitoa jibu la dakika mbili kwa wa kwanza, wa tatu hapati kitu, na atakuja kukukamata kwenye chai.

---

Mchungaji wa Mvumi

Mwenyekiti, si afadhali uchukue swali moja moja?

---

Mama Mwenyekiti

Mchungaji, moja moja ni nzuri kwa anayejibu, lakini ukumbi ukianza kunyoosha mikono, wakubwa wa mbele wanataka wote wasikike. Nimejaribu njia zote mbili na kila moja ina watu wa kuilalamikia. Anachoweza dada ni kumwomba mwenyekiti wake kabla ya kipindi. Akiomba jukwaani tumeshachelewa.

---

Katibu Mstaafu

Na hayo matatu yaandike, mwanangu, usiyabebe kichwani. Neno moja kwa kila swali linatosha: bei, panya, msimu.

---

Binti Kibaigwa

Nawashukuru sana. Mrejesho wa wiki hii:

Nimekata hadi maneno 1,060. Nimezungusha tarakimu za matokeo, nikapima tena kipande kilekile cha matokeo kilichobaki. Sasa nimepata 88 kwa dakika badala ya 72.

Leo asubuhi nimesoma mbele ya wenzangu 14 kwenye kikao, kuanzia salamu hadi mapendekezo. Jikoni ilikuwa dakika 12 na sekunde 5. Kwenye kikao ni 13 na sekunde 20. Mikwaju imeniambia wapi nilichelewa: mkwaju wa 4 nilikuwa sawa, wa 6 nilikuwa nyuma kwa sekunde 50. Ni pale kwenye picha ya kihenge. Wamecheka, nami nikaanza kueleza cha babu yangu.

Mwenyekiti wangu amesema saa yake inaanza akitaja jina langu. Nikijumlisha dakika moja na nusu za utambulisho na 13 na sekunde 20 nafika karibu 15, maswali yanabaki na tano na kitu. Ile dakika ya akiba imeliwa karibu yote. Nikate tena au niache?

---

Mkufunzi Nkuhungu

Kata. Toka jikoni hadi kikaoni umepanda kwa dakika moja na robo, na ukumbi wa fundi bado hujaingia. Usikate kidogo kidogo kila mahali, maana sentensi ukizinyofoa hapa na pale unapoteza mtiririko na huokoi hata nusu dakika. Toa kitu kizima. Mimi ningetoa mbinu zote, nibakize sentensi mbili za vijiji na misimu. Una dakika moja na nusu hapo.

Kisha chagua sasa hivi slaidi moja utakayoiruka ikifika mkwaju wa 8 na uko nyuma kwa dakika nzima. Iwekee alama. Uamuzi huo usiufanyie jukwaani.

---

Kijana wa Area C

Mimi ningemwachia mbinu nikatoa picha ya kihenge. Bila mbinu watu wa takwimu watasema namba zake za hewani.

---

Binti Kibaigwa

Kihenge cha babu hakitoki jamani 😂 Ila hoja yako nimeielewa. Nitapima zote mbili, bila mbinu na bila kihenge, nione.

---

Fundi Spika

Ukishaamua, leta slaidi kwenye flashi kabla ya kipindi cha kwanza, usisubiri zamu yako. Kuunganisha kompyuta ya kila mtu ndiko kunakokula ile dakika na nusu ya Mkufunzi, mara nyingine tatu. Zikiwa zote kwenye mashine moja ya mezani, mabadiliko ni sekunde kumi. Na simu ya kuangalia saa iweke hali ya ndegeni. Ikipigwa pale mezani karibu na kipaza sauti, ukumbi mzima unasikia.

---

Mgeni Chamwino

Nimefuata uzi wote. Mimi nina dakika saba, kusoma taarifa ya kikundi cha akina mama mbele ya mkuu wa wilaya, hakuna maswali. Namba ni nyingi, za vikoba na marejesho. Niandae maneno mangapi?

---

Mkufunzi Nkuhungu

Anza na kurekodi dakika tatu za sehemu ya marejesho, uniletee maneno na muda. Bila hapo nitakupa namba ya dada, na mdomo si wako.